Toto Letu, Ulitunze Kama Mboni

Chanzo cha yote ni mimi kujifanya najua. Dada yangu, binti wa mjomba, alikuwa anaolewa na jamaa wa Tabora, na sendofu ilikuwa hapa Kigoma, ukumbi fulani kule Mwanga. Kwenye kikao cha familia mtu akauliza nani atatoa zawadi ya shairi, na kabla sijafikiri mkono wangu ulikuwa juu. Mjomba, ambaye ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili (shikilia hapo, ina kazi mbele), akaniangalia kwa muda akasema, "Sawa mjomba, lakini liwe shairi la kweli, lenye mizani, sio hizi barua zenu mnazokata kata mistari."

Sasa shairi la kweli ni hivi, kwa wasiojua. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, na unapumua katikati, nane huku nane kule. Kila kipande kina kina chake mwishoni. Na mshororo wa nne ndo kibwagizo, unarudi vilevile kila ubeti mpaka shairi liishe. Mi nilianza na kibwagizo maana niliona ndo rahisi, ukishakipata umepata robo ya shairi zima bure, beti saba unaandika mara moja unarudia mara saba, nani anakataa dili kama hiyo. Nikaandika:

Tumekupa mtoto wetu, umtunze kama mboniyo

Nikahesabu kwa vidole. Tu-me-ku-pa, mto-to, we-tu, nane. Um-tu-nze, ka-ma, mbo-ni-yo, nane. Nikajipongeza na soda.

Kesho yake nikaenda Ujiji kwa babu mmoja jirani wa zamani wa mama, alifanya kazi reli miaka mingi na mashairi ndo pumzi yake. Sikwenda kujifunza, nilienda kusifiwa. Na Ujiji sio mahali pa kupeleka mizani mibovu, kwa sababu Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi kikatoka mwaka 1954, kazaliwa hapo hapo Ujiji. Wazee wa pale wanahesabu mizani kama wengine wanavyohesabu chenji.

Nikamsomea. Babu akasema, "Usinisomee mjukuu wangu, imba." Nikaimba. Yeye anagonga fimbo chini, kila silabi gongo moja, na alipofika la nane mi nilikuwa bado naimba. Akasimamisha fimbo hewani. "Umezidisha. Huku tisa na kule tisa."

Nikabisha. Nikamhesabia vidole. Babu akanisikiliza kwa huruma, afu akasema, "Hiyo m ya mtoto umeiweka wapi? Umeimeza?" Akaniambia niivute. Mmmmm-toto. Inavutika, unaweza kukaa nayo hata nusu dakika, basi hiyo ni mizani, inasimama kwa miguu yake: m-to-to, tatu. Na umtunze ni u-m-tu-nze, nne. Nikamuuliza mbona mboni nayo ina m, akasema haya ivute. Nikajaribu. Ukiivuta m ya mboni unakuwa kama ng'ombe ana kiu, maana imegandana na b, zinatoka pamoja: mbo-ni, mbili tu. Vivyo hivyo ndani, ngoma, mbuzi, hizo n na m hazihesabiwi peke yake. Ila neno likiwa fupi sana kama nchi au mbwa, inarudi kuhesabiwa, n-chi, m-bwa, kwa sababu bila hiyo neno linabaki na silabi moja tu. Nilitoka jasho. Miaka yote hii nimeongea Kiswahili bila kujua kuna m zinalipa kodi na m zinasafiri bure.

"Rekebisha, uje kesho nisikilize tena," babu akasema. "Na kibwagizo ukiangalie mara mbili. Mshororo mwingine ukiharibika unapita mara moja watu wanasahau. Kibwagizo kikiharibika kinarudi kukudai."

Nikasema sawa babu. Sikurudi.

Usiku ule nikakaa na daftari mpaka saa saba. Kule mwisho ilikuwa kazi ndogo, nikatoa yo, mboniyo ikawa mboni, nane. Tatizo ni huku mwanzo. Tumekupa mtoto wetu, tisa, nataka nane. Nikakumbuka washairi wana ruhusa ya kufupisha neno, wanaita inkisari, ndo maana unakuta aliyekuja imekuwa alokuja na hakuna anayelia. Basi na mimi si mshairi? Kama kinachozidi ni m, natoa m. Mtoto ikawa toto. Tumekupa toto wetu. Nane!

Lakini "toto wetu" ikanikwaruza sikio. Sarufi hainiruhusu. Toto... letu. Ndiyo. Tumekupa toto letu. Na kama ni letu, basi hawezi tena kuwa umtunze, lazima iwe ulitunze. U-li-tu-nze, ka-ma, mbo-ni, nane. Nikaona hadi upatanisho wa kisarufi umekaa, nikasema mjomba mwalimu atalia machozi.

Naapa sikulisoma lile neno hata mara moja kama neno. Nilikuwa naona namba tu. Asubuhi nikampigia babu, "Babu, nane nane!" Akauliza vina vimekaa, nikamwambia vimekaa. Akasema haya, Mungu akuongoze. Hakuuliza niisome na mimi sikujitolea.

Siku ya siku ukumbi umejaa. Wageni wa Tabora wameingia asubuhi na treni, wamechoka ila wana fujo za furaha, hasa shangazi mmoja wa bwana harusi, mama wa mwili na sauti, alikuwa kakaa meza ya mbele. Dada kapendeza. Niseme tu ukweli kuhusu dada, ana umbo la kushiba, na wiki sita nzima alikuwa kaacha wali na ugali ili gauni lifunge zipu, kila mtu kwenye familia anajua hiyo habari na wote tulikuwa tumekatazwa kuitaja.

Emsii akanitambulisha, afu kwa kiherehere chake akawaambia watu, "Kibwagizo tunaitikia wote, sawa eeh? Akimaliza ubeti, tunarudia naye!" Nikamwona mjomba anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza, kwa sauti ileile aliyonifundisha babu:

Leo tumekusanyika, ndugu wote ukumbini
Wa Tabora wamefika, wamelala safarini
Mawese yamechemka, migebuka imo ndani
Tumekupa toto letu, ulitunze kama mboni

Vijana wa meza za nyuma wakalipuka. Kwao toto ni binti mkali, wakadhani nawapigia wao, filimbi, vigelegele, mmoja kapanda kiti. Ukumbi mzima ukaitikia: TUMEKUPA TOTO LETU, ULITUNZE KAMA MBONI. Na hapo ndo nikalisikia. Mara ya kwanza, kutoka midomo ya watu kama mia mbili.

Toto. Lile toto. Likubwa. Ulitunze, kama jokofu.

Nikamtazama dada. Alikuwa kashika uma ambao hauna kitu, ananiangalia bila kupepesa. Mjomba alikuwa hajakasirika bado, alikuwa ana ule uso wa mwalimu anayesahihisha, midomo inatembea taratibu, anaipitia ngeli.

Sasa nifanyeje? Nilikuwa na beti sita mbele na kila mmoja mwishoni kuna toto linanisubiri. Ubeti wa pili nikaamua kurekebisha nikiwa njiani, nikaimba "tumekupa mtoto wetu" kwa nguvu karibu na kipaza sauti. Ndo nikaelewa fimbo ya babu. Ile sauti ina noti nane, mi nimekuja na silabi tisa, ikabidi m-to nizibane pamoja ikatoka kitu kama kikohozi, na watu walishashika toto lao, linaingia kwenye sauti kama mguu kwenye kiatu, wakanizidi nguvu. Yaani toto lilikuwa na mizani nzuri sana. Ndo lilikuwa tatizo. Lingekuwa baya wangelisahau.

Ubeti wa tatu shangazi wa Tabora akainua mkono kama yuko darasani. "Samahani mshairi! Hilo toto tunalipakia behewa la abiria au la mizigo?" Ukumbi ukafa. Hata wahudumu waliweka sahani chini. Dada akainama, mabega yanatikisika, mi nikajua analia, nikajua sina familia tena.

Beti zilizobaki nilizipitisha kama mtu anayevuka barabara. Wa nne, toto. Wa tano, toto, na sasa hivi wanapiga na meza. Wa sita nikauruka kabisa. Wa saba nikanyamaza kabla ya kibwagizo nikidhani na wao watanyamaza. Hawakunyamaza. Wakaliimba mara tatu na emsii akaongeza ya nne.

Niliposhuka mjomba alikuwa ananisubiri chini ya jukwaa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mjomba, naomba kujua tu. Mwanangu kahamia ngeli ya li-ya tangu lini?" Nikamwambia ni mizani, mjomba, zilikuwa tisa. Akasema, "Kwa hiyo umemnenepesha ili mshororo upungue." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Dada alikuwa anacheka, kumbe. Alicheka mpaka zipu ya wiki sita ikaachia upande, akafungwa khanga kiunoni, akasema basi leteni ule wali.

Jumatatu nikaenda Ujiji kukiri. Babu alishasikia, Ujiji habari hazipandi bodaboda zinapaa. Hakunigombeza. Akachukua fimbo tu akagonga, taratibu: tu-me-ku-pa, mwa-na, we-tu. U-m-tu-nze, ka-ma, mbo-ni. Nane. Nane.

Mwana! Mwa ni silabi moja, w imeshikana na a, mwana ni mbili, wakati mtoto ni tatu. Neno lilikuwepo siku zote, kila shairi la harusi linalo, hata nyimbo za kubembeleza. Mi nilikuwa nakata m kwa msumeno na nilichotakiwa ni kubadilisha neno moja. "Inkisari unakata ukucha," babu akasema, "wewe umekata kidole." Afu akaniambia niimbe zile nyingine sita, akanigongea zote, na zilikuwa sawa kasoro moja ambapo niliandika mbwa nikaihesabu moja. Sijui kwa nini kwenye shairi la harusi kulikuwa na mbwa.

Siku wageni wanarudi Tabora, bibi harusi wakiwa naye, tulienda stesheni kuwasindikiza. Treni ikaanza kutembea. Shangazi akatoa kichwa dirishani, akaniona, akaanza, na behewa zima likamdaka:

Tumepewa toto lenu, tutalitunza ka mboni!

Nikajikuta natembea kandokando ya treni nahesabu vidole. Tu-me-pe-wa, to-to, le-nu. Nane. Tu-ta-li-tu-nza, ka, mbo-ni.

Nane.