Kivuli cha kubonyeza kitufe kimemmezea mteja baraza lake

Juzi mzee mmoja kaja na elevesheni, yaani mchoro wa nyumba inavyoonekana kwa mbele, aliyochorewa na mtu mwingine, kaikunjua mezani, ananiambia, "Injinia, mimi nimelipia baraza, hapa naona ukuta na nguzo mbili zimebandikwa kama mapambo." (Huniita injinia, nimeshachoka kumsahihisha.)

Na baraza lipo bwana! Kwenye plani limeingia ndani mita 1.5 kabisa. Na mchoraji kaweka vivuli, tena vingi, ila ndo vile vya kubonyeza kitufe kwenye kompyuta, ukungu mweusi wa upana mmoja kila mahali, dirisha lililoingia sentimita 10 lina kivuli sawasawa na baraza la mita moja na nusu, sasa jicho lijue vipi?

Jamani, hesabu yenyewe ya mtoto wa shule. Jua linakaa juu kushoto, nyuzi 45 kwenye plani na nyuzi 45 kwenye elevesheni, kwahiyo kivuli kinashuka kiasi kilekile ambacho kitu kimetokeza. Paa la mzee limetokeza sentimita 60 mbele ya ukuta, basi kivuli kinashuka sentimita 60 chini ya ukingo wa paa, kwenye skeli ya 1:100 ni milimita 6. Kikifika kwenye baraza usikivute kwa mstari uleule! Ukuta wa nyuma uko mita 1.5 ndani zaidi, kwahiyo kinaporomoka hadi mita 2.1, yaani milimita 21. Ukingo wa paa uko mita 2.7 toka sakafuni, maana yake kule nyuma zinabaki sentimita 60 tu za mwanga, mlango unaonekana umeloweka miguu kwenye jua, na kivuli cha nguzo kinasogea kulia mita 1.5 na kuonekana kwenye kale kaukanda ka chini peke yake. Huo mruko wa kutoka 6 hadi 21 ndo baraza lenyewe, ukiukosa huna baraza, una ukuta mchafu.

Toni nayo, usijaze nyeusi tii, weka kijivu ambacho mistari ya mlango bado inaonekana ndani yake, nyeusi waachie vioo.

Haya, kuna wale wa "lakini Dar ukuta unaotazama kusini haupigwi jua la pembe hiyo hata siku moja". Sawa, mmeshinda, ni kweli. Ila hapa jua ni rula ya kupimia kina, hatutabiri hali ya hewa. Na michoro ya fundi ya vipimo iache bila vivuli, itamchanganya bure.

Nikachukua penseli nikachora vivuli juu ya printi ya mzee, dakika kumi hivi. Kaangalia wee, kaweka kidole palepale penye giza.

"Sasa injinia, mbona baraza langu lina giza hivi? Taa hamjaweka?"