Acheni "mkao wa kula", tupeni majina

"Kaeni mkao wa kula." "Jambo kubwa linakuja." "Hii si ya kukosa." Msimu wa matamasha ukikaribia, kurasa za mapromota hujaa maneno haya, na kila nikiyasoma namwona mtu aliyepewa kipaza sauti mbele ya umati akaishia kukohoa. Shabiki hapandwi na mzuka kwa kuambiwa ajiandae. Anapandwa na mzuka anapojua nani anapanda jukwaani, lini, wapi, na tiketi ya bei rahisi imebaki ngapi.

Najua nitaambiwa kwamba siri ndiyo inayouza, na kwamba hata tamasha la Fyre walianza na siri. Kweli, walianza nayo. Tarehe 12 Desemba 2016 wanamitindo na watu maarufu walibandika Instagram kipande kitupu cha rangi ya chungwa, bila maelezo ya maana, na dunia ikauliza ni nini. Tiketi zikanunuliwa kwa fujo. Aprili 2017 wageni walipofika Great Exuma huko Bahamas wakakuta mahema na mkate wenye jibini, na mwaka uliofuata mwanzilishi wake, Billy McFarland, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa udanganyifu. Watu hupenda kusimulia mkate ule. Mimi huvutiwa zaidi na kisa cha kisiwa: inasimuliwa kwamba eneo walilolitaka mwanzo, Norman's Cay, walilikosa kwa sababu walitangaza kuwa ni kisiwa cha mlanguzi wa dawa za kulevya Pablo Escobar, ilhali sharti mojawapo la kukipata lilikuwa jina hilo lisitajwe kabisa. Neno moja la mbwembwe kwenye tangazo, na ardhi ikaondoka.

Wengine hutaja tamasha la Glastonbury la Uingereza, ambako Novemba 2024 tiketi za mwaka uliofuata ziliisha kwa takriban dakika 35 kabla ya orodha ya wasanii kutoka. Hao wanauza jina la tamasha lenyewe, lililojengwa tangu 1970. Wewe unayefanya tamasha la tatu au la nne Bagamoyo, Mwanza au Kilifi huna jina la namna hiyo. Unachouza ni orodha, na orodha inaandikwa kwa maneno.

Tuchukue mfano. Tuseme ni tamasha la siku mbili Bagamoyo, tarehe 6 na 7 Novemba, uwanja unaobeba watu 3,000. Wasanii ni 14: mmoja mkubwa, watatu wanaojulikana vizuri, na kumi ambao shabiki wa kawaida hajawahi kuwasikia. Promota wengi hapa hutengeneza bango moja, wakabana majina yote 14, nembo za wadhamini, na namba tano za simu. Kwenye kompyuta ya mbunifu linapendeza. Likishapita WhatsApp mara tatu, picha imekwaruzika, na yale majina kumi ya chini yamegeuka vumbi. Bango libaki, lakini habari yenyewe ikae kwenye maandishi, mahali ambapo mtu anaweza kuinakili na kumtumia shemeji yake.

Instagram hukata maelezo ya picha baada ya herufi 125 hivi, na kinachobaki hujificha nyuma ya kitufe cha kusoma zaidi. Basi herufi hizo ndizo tangazo lako. Msanii mkubwa tumwite Fulani:

"Fulani na bendi yake nzima, laivu. Bagamoyo, 6 Novemba. Tiketi 500 za kwanza: sh. 20,000. Mauzo 1 Septemba, saa 4 asubuhi."

Hakuna sifa hata moja hapo. Hakuna "mkali wao" wala "mfalme wa". Ila "bendi yake nzima, laivu" inafanya kazi kubwa, kwa sababu shabiki wa Bongo amechoka kulipa kiingilio akaona mtu anaruka juu ya pleibeki. Sauti za Busara wa Zanzibar, walioanza Ngome Kongwe mwaka 2004, wameifanya laivu kuwa sharti la jukwaa lao, na shabiki akiona jina lao anajua anachokwenda kusikia. Kama msanii wako anakuja na flashi tu, usiandike laivu. Nyamaza kuhusu hilo, na uwe tayari kujibu utakapoulizwa.

Halafu tarehe ya mauzo. Sikuandika "kesho", na hii ni hoja ninayobishana nayo na vijana wa mitandao kila mara. Tangazo zuri husambazwa, na linaposambazwa hufika kwenye makundi ya familia siku mbili baadaye. "Kesho" ikifika Jumatano inamaanisha Alhamisi, na mtu anaingia kwenye linki anakuta bei ya mwanzo imekwisha tangu Jumanne. Andika tarehe. Na kwa watalii na wageni wanaosoma toleo la Kiingereza, andika 10:00, kwa sababu saa 4 yetu kwao ni alfajiri.

Tarehe 1 Septemba pia haikuokotwa. Tangazo linatoka Ijumaa ya tarehe 28 Agosti jioni, mishahara ikiwa imeingia au iko njiani, na watu wanapata wikendi nzima ya kubishana kuhusu Fulani, kutafuta wa kwenda naye, na kuhakikisha simu ina salio. Ukitangaza na kuuza dakika hiyohiyo unapata wale waliokuwa mtandaoni tu. Ukitangaza tarehe 15, mwezi ukiwa umekauka, unapata mioyo mingi na pesa kidogo.

Wimbi la pili la matangazo, wiki mbili baadaye, ni la wale watatu wanaojulikana, na hapa ndipo fumbo lina nafasi yake. Fumbo linafaa pale tu linapoweza kufumbuliwa. Sekunde kumi za gitaa la mwanzo la wimbo ambao kila mtu aliucheza harusini, bila jina, na swali: nani huyu? Watu watajibu, watakosoleana, watawaita rafiki zao waje wathibitishe. Wanaofanya kazi ya kusambaza ni wao. Kivuli cha mtu mwenye alama ya kuuliza usoni hakimpi mtu chochote cha kubishania, ndiyo maana chini yake hukuta emoji za moto na kimya.

Wale kumi wasiojulikana ndio mtihani wa mwandishi, na ndio wanaotupwa mara zote kwenye mstari wa "na wengine wengi". Sauti za Busara huweka nchi ya msanii pembeni ya jina lake, na hilo peke yake tayari linasaidia. Mimi ningeongeza sentensi moja kwa kila mmoja, yenye kitu cha kusikika. Badala ya "bendi kali kutoka Bujumbura", andika: "Watu sita, ngoma nne, hakuna gitaa, wimbo wa pili hauruhusu mtu kukaa." Badala ya "malkia chipukizi wa taarabu", andika: "Ana miaka 22, anaimba na kanuni na fidla, na mashairi anaandika mwenyewe." Mtu hawezi kutamani jina asilolijua, lakini anaweza kutamani ngoma nne. Toa mmoja kila baada ya siku mbili, na kipande cha sauti, na hao kumi watakupa maneno ya wiki tatu bila kurudia "usikose".

Maneno ya msanii mwenyewe yana nguvu kuliko yako, maana mashabiki wako kwake. Mpe picha, linki na habari muhimu, lakini usimpe aya ya kunakili. Wasanii 14 wakibandika maneno yaleyale saa ileile, inanuka tangazo la kulipwa. Mwache aandike anavyoongea, na mpe linki yake pekee ili ujue tiketi zimeuzwa kupitia nani. Kisha mkubaliane saa. Meneja mmoja akitangulia kwa nusu siku, blogu zinachukua kwake, na tangazo lako linakuwa habari ya jana.

Kabla ya yote hayo, lakini, mkataba uwe umesainiwa na malipo ya awali yamepokelewa. Linasikika kama jambo la ofisi tu, ila matatizo makubwa ya maneno huanzia hapo. Jina likitangazwa kwa kuahidiwa kwenye simu, halafu msanii akaandika kwenye ukurasa wake "sihusiki na tamasha hili", sentensi hiyo itasomwa na watu wengi kuliko tangazo lako lote. Mkataba pia huweza kusema jina lake litangulie au liwe na ukubwa gani kwenye bango. Kama hamjakubaliana, panga kwa alfabeti; hakuna meneja anayeweza kugombana na alfabeti. Na kama kuna mgeni ambaye bado anasubiri viza, msubiri kwenye wimbi la mwisho badala ya kumtanguliza na kumwandika "anatarajiwa", neno ambalo mashabiki hulisoma kama hatokuja.

Sasa lile la tiketi kuisha. "Zimebaki chache!" limetumika mpaka halina meno, shabiki ameliona siku ya kwanza ya mauzo, ameliona mlangoni, na ndani akakuta uwanja nusu. Namba ndiyo dawa. Umesema 500 kwa sh. 20,000. Zikiuzwa 380, andika: "Zimebaki 120 za sh. 20,000. Zikiisha, bei ni 30,000." Zikiisha, pandisha bei saa hiyohiyo, hata kama binamu wa mdhamini analia. Ukimwongezea mtu mmoja siku tatu za bei ya zamani, kila mtu atangoja siku tatu zake mwakani. Na kama mauzo ni ya polepole, kaa kimya kuhusu namba, zungumza kuhusu muziki. Namba ya kubuni itajulikana tu, maana kuna mtu siku zote anayemjua mtu wa getini.

Utajuaje kama tangazo limefanya kazi? Usihesabu mioyo. Soma maoni. Yakijaa "kiingilio bei gani?" na "ni wapi hiyo?", watu wametaka kununua ukawanyima habari. Yakijaa majina ya watu wanaoitana, "wewe na mimi, siku ya pili", limefanya kazi. Yakijaa sifa kwa mbunifu wa bango, mpongeze mbunifu, kisha uandike upya.

Likibaki tangazo la mwisho, la tiketi kuisha, nalo liandikwe kwa makini, maana siku hiyo ndipo walanguzi wanapoamka. "Tiketi 3,000 zimeisha. Getini hatuuzi. Kila tiketi inaskaniwa mara moja tu, hivyo usinunue picha ya tiketi kwa mtu. Mwenye tiketi asiyeweza kuja airudishe kupitia linki hii kabla ya 30 Oktoba, nasi tutamuuzia aliye kwenye foleni." Wakati wa kufungua milango nao uandikwe hapohapo, kwa sababu watu 3,000 wakija saa moja usiku kwa mkupuo, Fulani ataanza kuimbia foleni iliyo nje.