Nani ataje bei kwanza?

"Nauza mashua aliyoacha marehemu baba, hapa Lamu, pamoja na injini yake. Mnunuzi ni wa Malindi, ananihimiza nitaje bei. Wazee wa barazani wanasema anayetaja kwanza ameshaliwa. Ni kweli?"

Ni kweli kwa mtu asiyejua thamani ya anachouza. Kwa anayejua, mambo hugeuka.

Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la bahati lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kila mtu alilitazama likizunguka, kisha akaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa zilizo za Afrika. Waliopata 10 walikisia 25 hivi, na waliopata 65 wakakisia 45. Namba ya gurudumu haikuhusiana na swali, lakini iliwashika. Ndiyo maana wataalamu huita jambo hili nanga: chombo huzunguka kwa upepo na mkondo, ila hakitoki mbali na pale kamba ilipofungwa. Na ujuzi si kinga. Mwaka 1987, Gregory Northcraft na Margaret Neale waliwapeleka madalali wa nyumba wa Tucson, Marekani, kukagua nyumba ileile, huku bei ya tangazo ikibadilishwa. Makadirio ya madalali yaliifuata bei hiyo, na wengi wao hawakukiri kwamba waliiangalia.

Sasa tuje kwenye mashua. Tuseme ukishuka chini ya shilingi 350,000 ni afadhali ukae nayo. Ukianza wewe kwa 540,000 naye akajibu 350,000, katikati ni 445,000. Akianza yeye kwa 200,000 nawe ukathubutu kusema 540,000 ileile, katikati imeshuka hadi 370,000. Na kwa kawaida hutathubutu. Ukishasikia laki mbili, 540,000 itakuonea haya mdomoni, useme 450,000, na katikati iwe 325,000, chini ya kiwango chako. Si lazima watu wakutane katikati hasa, lakini maongezi huvutwa huko.

Mbona basi wazee hawajakosea? Kwa sababu hesabu hiyo yote inategemea kuijua ile 540,000, nawe huenda huijui. Mashua ilinunuliwa na baba, zamani, kwa bei nyingine. Mnunuzi anaweza kuwa mvuvi anayetaka chombo cha kazi, au mtu wa kupeleka wageni baharini, na huyu wa pili anaweza kuilipia zaidi sana. Ukijikadiria ukasema 300,000, atakubali kabla kahawa haijapoa, nawe utabaki ukijiuliza. Hapo kweli ni heri kumwacha afungue, kwa kuwa namba yake itakufundisha kitu. Ila usimwulize "utatoa ngapi?" tu, mkaanza "sema wewe", "la, sema wewe" hadi magharibi. Muulize anaitakia kazi gani, anaihitaji lini, na nyingine ameziona wapi.

Mimi ningeufuta kwanza huo ujinga wa kutojua bei. Nenda Matondoni, umuulize fundi kuunda mashua ya ukubwa huo leo ni kiasi gani, mataruma yapi ya kubadilishwa, na kama inataka kalafati mpya. Injini, ulizia Mombasa bei ya mpya na ya mtumba. Ni kazi ya siku mbili. Ukirudi na majibu hayo, taja wewe kwanza, na utaje pamoja na sababu: mbao hizi, injini hii, matengenezo haya yameshafanywa. Bei isiyo na sababu, hasa ikipita kiasi, haishiki. Mchuuzi wa ufukweni Malindi huanza na bei mara tano kwa mgeni ambaye kesho yuko ndegeni. Wewe ukimfanyia hivyo mtu wa bahari, atapanda boti arudi zake, na habari itafika barazani kabla yako.

Akikuwahi na laki mbili, usimwombe aeleze imetoka wapi, maana kuijadili ni kuizidishia uzito. Adam Galinsky na Thomas Mussweiler walionyesha mwaka 2001 kwamba faida ya anayeanza hupungua sana mwenzake akielekeza mawazo kwenye lengo lake mwenyewe, au kwenye kile ambacho mpinzani atabaki nacho wasipoelewana. Kwa hiyo fikiria hili: akiondoka bila mashua hii, atapata wapi nyingine kabla msimu haujaanza? Kisha taja 540,000 yako kana kwamba laki mbili haikutajwa.

Na akiikubali hiyo 540,000 papo hapo, basi hata uchunguzi wako uliikadiria kidogo. Lamu bei iliyotamkwa mbele ya watu hairudishwi, kwa hiyo andikianeni.