Wastani wa mvua wa kila wadi: nionyeshe kwanza pikseli ngapi

Jedwali la wastani wa mvua kwa wadi kumi za Kaunti ya Lamu hupendeza machoni: majina kumi, namba kumi, kila moja na desimali zake mbili. Kwa maoni yangu, jedwali hilo lisipokuwa na safu ya pili inayosema kila wastani umetokana na pikseli ngapi, lirudishwe kwa aliyelitengeneza. Pwani yenye visiwa, mikondo na mikoko huivuruga hesabu hii kwa namna ambayo watu wa bara hawaijui, na ramani ikishapakwa rangi, huoni tena palipoharibika.

Kazi yenyewe haina mafumbo. Una rasta, yaani gridi ya miraba iitwayo pikseli, kila mmoja umebeba thamani yake, na una poligoni za wadi, yaani mipaka yake iliyochorwa. Programu inailaza poligoni juu ya gridi, inaokota pikseli zilizo ndani, kisha inatoa wastani au jumla. Katika programu ya ramani ya QGIS zana hii inaitwa `Zonal statistics`, na usipoigusa mipangilio yake itakupa `count`, `sum` na `mean`, yaani idadi ya pikseli, jumla na wastani. Wengi huchukua `mean` na kuzifuta mbili zilizobaki. Kosa linaanzia hapo, maana neno "ndani" lina ujanja wake.

Kwa QGIS, pikseli iko ndani ikiwa kitovu chake kimeangukia ndani ya poligoni. Kwa wadi kubwa kama Basuba hilo halina neno: pikseli zinazoachwa ukingo huu hufidiwa na zinazoingia ukingo ule. Sasa tuje Amu. Data ya mvua ya CHIRPS, ambayo inaanzia mwaka 1981 na hutumiwa sana Afrika Mashariki, ina pikseli za digrii 0.05. Kwetu hapa hizo ni kama kilomita 5.5 kila upande, karibu kilomita za mraba 31. Pikseli moja ya namna hiyo inaweza kumeza mji wa Amu, Shella, mkondo ulio mbele yake na kipande cha Manda, na bado ikabaki na nafasi. Kitovu chake kikiangukia majini, wadi ya mjini haipati pikseli hata moja.

QGIS inalijua tatizo hili. Ikikuta pikseli moja au pungufu, huacha njia ya vitovu na kupima ni sehemu gani ya kila pikseli imefunikwa na poligoni. Ndiyo maana wakati mwingine `count` husoma namba yenye desimali. Tuseme poligoni ina kilomita za mraba 12 na yote imo ndani ya pikseli moja: `count` itasoma kama 0.39. Mtu asiyejua hudhani ni hitilafu, kumbe hiyo ndiyo namba ya kweli kuliko zote katika jedwali. Inakuambia kwamba hapo hakuna wastani wowote. Ni thamani ya pikseli moja iliyopewa jina la wadi. Wadi mbili jirani zikiigawana pikseli hiyo zitatoka na mvua ileile hadi desimali ya mwisho, na atakayeandika kwamba zinapata mvua sawa atakuwa ameisoma gridi, si mvua.

Maktaba ya `rasterstats` ya Python haina huruma hiyo. Kitovu kikikosa, inarudisha `None`. Wengine hulitatua kwa `all_touched=True`, ambayo huokota kila pikseli iliyoguswa na mpaka na kuipa uzito kamili, hata kama imeguswa kwenye pembe tu. Kisiwani hiyo ni kuita majirani wote waje kupiga kura. Kwa wadi ndogo napendelea `exactextract`, ambayo huipa kila pikseli uzito kulingana na sehemu yake iliyofunikwa:

```python
from exactextract import exact_extract
t = exact_extract("mvua.tif", "wadi.gpkg",
                  ["count", "mean"],
                  include_cols=["wadi"],
                  output="pandas")
```

Njia ambayo siipendekezi kabisa ni kuikata rasta ya mvua iwe na pikseli za meta 100 ili "iingie vizuri" visiwani. `count` ya 0.39 itapanda hadi 1,200, jedwali litaonekana nono, na hakuna hata tone moja la habari lililoongezeka. Baada ya hapo hata safu ya `count` haiwezi tena kukuonya.

Sasa bahari. CHIRPS hukadiria mvua ya nchi kavu tu, na pikseli za baharini zimeandikwa -9999, kwa maana ya "hapana data". Faili nyingi za tif utakazopakua hazijaitangaza namba hiyo kuwa alama, kwa hiyo programu huisoma kama mvua ya kawaida. Isome faili kwa amri ya `gdalinfo` na utafute mstari wa `NoData Value`. Usipouona, uandike mwenyewe kabla ya kufanya hesabu yoyote:

```
gdal_edit.py -a_nodata -9999 chirps-v2.0.2023.05.tif
```

Maneno "kabla ya hesabu yoyote" nimeyaweka kwa makusudi. Ukijumlisha faili za miezi kumi na miwili kupata mvua ya mwaka, pikseli ya bahari inakuwa -119988. Ukikumbuka kutangaza -9999 baada ya hapo umechelewa, kwa sababu namba hiyo haimo tena kwenye faili. Bahati nzuri kosa hili hupiga kelele. Wadi yenye pikseli 40 za milimita 1,000 na moja tu ya bahari itatoka na wastani wa takriban -1,951, na hakuna atakayeamini mvua hasi.

Kosa linaloua ni la kimya. Mtu huona namba hasi, zinamkera, anazibadilisha kuwa sifuri ili ramani ipakike rangi. Chukua pikseli zilezile 40 za milimita 1,000, safari hii pamoja na 6 za bahari zenye sifuri. Wastani unakuwa 870. Namba hiyo haishtui mtu yeyote. Kwa pwani hii inaaminika kabisa, na katika ripoti itasomeka kama ukame mdogo wa wadi za pwani kulinganisha na wadi za Hindi au Witu. Njia ya kuinasa ni kuomba pia `min`, thamani ya chini kuliko zote. Jumla ya mvua ya mwaka mzima ikiwa na `min` ya sifuri huku Lamu, usitafute maelezo ya hali ya hewa, tafuta bahari.

Ukitaka wastani wa kaunti nzima, usizijumlishe namba kumi za wadi ukagawa kwa kumi. Mkomani itakuwa imepewa sauti sawa na Basuba. Zidisha kila `mean` kwa `count` yake, jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya `count`. Au, rahisi zaidi, endesha zana tena kwa poligoni ya kaunti.

Idadi ya watu ina tabia nyingine, na hapa `sum` ndiyo inayotakiwa. Rasta ya WorldPop inayoitwa ya "meta 100" ni ya sekunde 3 za digrii, na kila pikseli imebeba idadi ya watu wanaokadiriwa kuishi ndani yake, mara nyingi kwa desimali. Hiyo ni hesabu ya vichwa. Mvua ya milimita 900 hubaki 900 hata ukiigawa pikseli mara nne, lakini watu wanne wakigawanywa mara nne hawawezi kuwa wanne katika kila kipande.

Kosa la kawaida linaanzia kwenye tabia njema ya kupanga data zote katika meta. Mtu anaihamisha rasta hiyo kwenye UTM kanda ya 37 kusini, `EPSG:32737`, na kuchagua pikseli ya meta 100 kwa 100. Kwa latitudo ya Lamu, pikseli ya asili ni takriban meta 92.7 kwa 92.2, yaani meta za mraba 8,540 hivi. Pikseli mpya ina meta za mraba 10,000, kwa hiyo pikseli zimepungua, lakini thamani ndani yake zimenakiliwa zilivyokuwa. Jumla inashuka hadi kama asilimia 85. Rasta ambayo ingetoa watu 143,920, idadi ya kaunti katika sensa ya 2019, sasa itatoa kama 122,900. Watu elfu 21 wamepotea na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea.

Dawa ni kutoihamisha rasta. QGIS yenyewe huzigeuza poligoni zifuate mfumo wa rasta wakati wa hesabu. Ikibidi uihamishe, GDAL kuanzia toleo la 3.1 ina njia inayojumlisha badala ya kunakili:

```
gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 100 100 -r sum watu.tif watu_utm.tif
```

Linabaki suala la ufuo. Mpaka wa wadi na rasta ya watu mara chache hutoka kwa mchoraji mmoja, na ufuo wa maji kujaa si ufuo wa maji kupwa. Mstari wa mpaka ukirahisishwa kwa meta 150 tu, nyumba za ukingoni mwa Amu zinabaki majini, na hapo ndipo watu wamebanana. Jaribu hivi: zitanue poligoni za visiwa kwa meta 200, jumlisha tena, linganisha. Jumla ikiruka, tofauti hiyo ni watu uliowatosa baharini. Mimi huona ni bora mpaka wa upande wa bahari uvutwe hadi katikati ya mkondo. Huko hakuna mkazi wa kuhesabiwa kimakosa, na kwenye mvua, pikseli za bahari zilizotangazwa vizuri hazihesabiwi.

Ila kama unachotaka ni watu wa wadi tu, soma kitabu cha sensa. WorldPop hutengenezwa kwa kuzisambaza takwimu za sensa ndani ya maeneo yake, na kwa kuzijumlisha tena unairudisha sensa mahali ilipotoka, safari hii na makosa ya njiani. Hesabu ya rasta ina faida pale sensa isipokuwa na jibu: watu walio kilomita 5 kutoka zahanati, au waliomo katika eneo linalofurika. Na hapo chagua toleo kwa makini. Lile linalowatawanya watu kwenye nchi kavu yote litakuwekea sehemu ya mtu katika pikseli nyingi za msitu wa Boni pasipo na nyumba hata moja. Lile linalowaweka kwenye majengo yaliyoonekana kwa setilaiti litauacha msitu mtupu, na linaweza kukosa kijiji chenye mapaa ya makuti chini ya miti. Kwa Basuba, toa jumla zote mbili katika jedwali, kando kwa kando.