Tofali kumi kwa mita mraba? Mimi sihesabu hivyo

Shemeji yangu anajenga Kibaha. Msingi umeshaisha, sasa anajiandaa kupandisha ukuta. Wiki iliyopita alinitumia karatasi ya fundi ikiwa na mstari mmoja tu: tofali za inchi 6, idadi 1,620. Nikampigia fundi.

"Fundi, hizi 1,620 umezipataje?"

"Ni rahisi, kaka. Ukuta wote una urefu wa mita 54, kimo mita 3. Hizo ni mita mraba 162. Kila moja inakula tofali 10."

"Na milango na madirisha?"

"Hiyo tunaiachia tofali zitakazovunjika."

Jibu hilo nimelisikia miaka mingi, na sidhani fundi alitaka kumwibia mtu. Ila napingana na kanuni yenyewe.

Tofali la inchi 6 la kwetu, likitoka kwenye kalibu nzima, lina urefu wa sentimita 45, kimo 23 na unene 15. Ukilisimamisha ukutani linapata jointi ya sentimita 2 pembeni na nyingine ya sentimita 2 chini. Kwa hiyo nafasi linayoshika ukutani ni sentimita 47 kwa 25. Gawanya mita mraba moja kwa nafasi hiyo, unapata tofali 8 na nusu, si 10. Hapo tu fundi ameshaongeza zaidi ya tofali 200, na bado hatujagusa dirisha hata moja.

Kwenye matundu pia kuna mtego. Wengi hupunguza ukubwa wa mlango wanaouona dukani, kumbe tundu ukutani huanzia juu ya msingi hadi chini ya lenta, kwa sababu jamvi, yaani zege la sakafu, humwagwa baadaye. Nyumba ya shemeji ina kozi, yaani mistari ya tofali, 9 chini ya lenta na 3 juu yake, kila kozi sentimita 25 pamoja na jointi. Tundu la mlango basi lina kimo cha mita 2.25. Milango ya nje ni miwili, upana mita 1 kila mmoja. Ya ndani ni minne ya sentimita 90. Madirisha makubwa ni matano ya mita moja na nusu kwa moja na nusu. Choo na stoo vina vidirisha viwili vya sentimita 60 kwa 50. Jumla ya matundu ni mita mraba 24.45, na ukuta halisi unaobaki ni 137.55. Lenta yenyewe sikuihesabu, maana zile mita 3 ni kimo cha kozi 12 za tofali tu.

Jibu ni tofali 1,171. Ongeza asilimia 5 ya kuvunjika na kukata, fika 1,230. Tofauti na karatasi ya fundi ni tofali 390. Kwa bei ya shilingi 1,500 kwa tofali, hizo ni 585,000. (Kuna watu hubishana sana kuhusu kona kuhesabiwa mara mbili. Kona nne za nje za nyumba hii ni tofali 15 hivi. Ubishi uhamie kwenye madirisha.)

Hesabu ya mita mraba, hata ikiwa sahihi, ina udhaifu mmoja: huwezi kuikagua mpaka ukuta uishe. Ndiyo maana napenda kuirudia kozi kwa kozi. Kozi tatu za kwanza zinakatwa na milango tu, ambayo upana wake jumla ni mita 5.6. Urefu unaobaki ni mita 48.4, gawanya kwa 0.47, upate tofali 103 kila kozi. Kozi ya nne hadi ya saba zinakatwa na madirisha makubwa pia, zinabaki 87. Ya nane na ya tisa, vidirisha vidogo vikiingia, ni kama 84 na nusu. Zile tatu za juu ya lenta hazikatwi na kitu, kila moja inakula 115. Zijumlishe: unarudi palepale kwenye 1,171. Njia mbili zikikutana hivyo, najua sijasahau dirisha wala kuhesabu mlango mara mbili. Na siku ya kwanza tu ya kazi, kozi ya kwanza ikiisha, shemeji anaweza kutembea akihesabu. Akikuta 103 mambo yako sawa. Akikuta 110, ama tofali ni fupi ama vipande ni vingi mno.

Tofali fupi ni tatizo la kweli. Kalibu ikichakaa au ikikatwa makusudi, "inchi 6" inaweza kutoka na urefu wa sentimita 43 na kimo 21.5. Panga kumi chini zikigusana kabla hujalipa: zinatakiwa zifike mita 4.5. Za sentimita 43 ukuta huu utakula 1,301. Hata ukiuziwa kwa shilingi 1,400 badala ya 1,500, utalipa 1,821,400 badala ya 1,756,500, na saruji ya jointi 130 za ziada bado hujainunua.

Sasa udongo, kama mafundi wanavyouita mchanganyiko wa saruji na mchanga. Toa ujazo wa tofali kwenye nafasi linayoshika, kinachobaki ndicho udongo wake: lita 2.1 kwa kila tofali. Mara 1,171, ni mita za ujazo 2.46. Unaomwagika chini ya ukuta nauwekea asilimia 15, tunafika 2.83. Kisha zidisha kwa 1.3, kwa sababu mchanga na saruji vikiloweshwa vinashuka ujazo, inakuwa karibu 3.7. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga sita, sehemu moja ya saba ni saruji. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi, basi ni mifuko 15, na mchanga mita za ujazo 3.2. Kila mfuko unapokea ndoo kumi na nusu za lita 20.

Mfuko mmoja hapo unajenga tofali 78. Jointi ikinenepa kutoka sentimita 2 hadi 3, udongo wa kila tofali unapanda mara moja na nusu, na mfuko unaishia kwenye tofali 52. Kwa hiyo saruji ikiisha mapema, kabla hujafikiria wizi, chukua futi. Kozi nne pamoja na jointi zake zinatakiwa zitoke mita moja kamili. Zikitoka mita 1.04, saruji yako imo ndani ya ukuta.

Nilipomaliza kumweleza, shemeji akauliza mbona kwenye msingi kanuni hiyohiyo ya 10 ilimpunja. Kwenye msingi tofali zililazwa, kwa hiyo kozi ina kimo cha sentimita 17 tu pamoja na jointi, na mita mraba inakula tofali 12 na nusu. Kozi nne za mita 54 zilihitaji 460. Fundi aliagiza 370, na shemeji akalipia kirikuu mara ya pili kufuata tofali 90.