Sato wako tayari ana BCAA

"Napiga vyuma hapa Kirumba, nina kilo 70, sato na dagaa havikosekani nyumbani. Ninunue BCAA au EAA?"

Kaka, hela yako ibaki mfukoni. BCAA, ule unga wa kopo, ni amino asidi tatu tu, yaani vipande vinavyounda protini: lusini, isolusini na valini. Misuli hujengwa kwa amino asidi zote muhimu, nazo ni tisa. Lusini hufanya kazi ya kuwasha ujenzi, ni kweli, lakini zile sita nyingine zisipokuwepo mwili huzichukua kwenye misuli yako yenyewe, na ujenzi hauendi mbali. Hapo ndipo tangazo la kwenye kopo hunyamaza.

EAA ina zote tisa, kwa hiyo ina mantiki zaidi. Ila sato naye anazo zote.

Piga hesabu. Mtu wa mazoezi anatoshwa na gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani 112 kwako. Minofu ya sato iliyopikwa, gramu 250, ina protini kama gramu 65, na ndani yake BCAA zipatazo gramu 11. Kijiko cha kopo mara nyingi huwa na 5! Dagaa wakavu gramu 50 jioni wanaongeza kama 30, na maharage na ugali vinamalizia.

EAA ningemfikiria mzee asiye na hamu ya kula, anayeshindwa kumaliza hata kipande cha samaki. Kijana anayekula chini ya kiwango aongeze dagaa kwanza.