Dakika 90 za Heathrow hazitoshi

Mtu akinunua tiketi ya Nairobi kwenda Marekani kupitia uwanja wa Heathrow, London, mfumo wa mauzo unaweza kumpa dakika 90 za kubadilisha ndege na kumwacha aamini kwamba mambo yako sawa. Dakika 90 ndicho kiwango cha chini kinachotumika kwa abiria wa British Airways anayeshukia Teminali 5 na kuondokea Teminali 3. Mimi naona ni kiwango cha kumfaa muuzaji, na tiketi ya namna hiyo nisingemnunulia ndugu yangu hata kama ingekuwa ya bei nafuu.

Hesabu yenyewe tuifanye polepole. Tuseme ndege ya British Airways kutoka Jomo Kenyatta imesimama kwenye maegesho yake Heathrow alfajiri, na ya American Airlines inaondoka Teminali 3 baada ya dakika 90. Kwanza toa dakika 20, kwa sababu saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka, na mara nyingi geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla yake. Umebaki na 70, na bado hujanyanyuka kitini.

Ukikaa safu za nyuma, kushuka kwenye ndege kubwa ya masafa marefu kunakula robo saa, pengine dakika 20. Kisha unakuta kwamba Teminali 5 si jengo moja. Kuna jengo kuu, A, na majengo mawili ya pembeni, B na C, na ndege za mbali hupenda kuegeshwa huko pembeni. Kwa kawaida unashuka chini ya ardhi, unapanda treni isiyo na dereva, na inakuleta A. Treni yenyewe inakwenda haraka. Kinachokula muda ni ngazi za umeme, lifti, na ile foleni ya watu 200 walioshuka pamoja nawe. Weka dakika 10 hadi 15.

Baada ya hapo ni basi. Teminali 3 iko katikati ya uwanja na Teminali 5 iko magharibi, kwa hiyo suala la kutembea kwa miguu halipo. Basi ni la bure na linapita ndani ya eneo la uwanja, kwa hiyo huhitaji kutoka nje. Ukilikuta linaondoka, kama dakika 12 zinatosha. Ukilikosa, weka 20. Ukifika Teminali 3 unakaguliwa upya, wewe na mzigo wako wa mkononi, hata kama ulikaguliwa Nairobi. Hapo ndipo hesabu ya kila mtu huvurugika: asubuhi tulivu utapita kwa dakika 8, na asubuhi ambayo ndege kadhaa kutoka Afrika na Asia zimetua pamoja utasimama dakika 25. Mwisho kabisa ni mwendo wa kwenda getini, dakika 10 hadi 15.

Jumlisha. Mambo yakienda vizuri sana, umetumia kama dakika 55. Yakienda vibaya kiasi, bila ajali wala dharura yoyote, umetumia 95. Ulikuwa nazo 70.

Sasa angalia ndani ya jumla hiyo kutembea ni kiasi gani. Ni kidogo. Watu huulizana, "Ni mbali kiasi gani?" kana kwamba miguu ndiyo tatizo. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea kama mita 80 kwa dakika, mwenye mtoto na begi labda 50, na vibao vya Teminali 5 vinakuandikia kabisa ni dakika ngapi hadi mageti ya mbali. Hilo linakadirika. Yasiyokadirika ni yale ya kusubiri: mlango wa ndege, basi, ukaguzi. Kukimbia hakuharakishi basi.

Kuhusu vibao, Heathrow wamerahisisha mambo. Anayebadilisha ndege hufuata rangi ya zambarau, palipoandikwa Flight Connections. Vibao vya manjano vya Arrivals vinakupeleka uhamiaji na kwenye mizigo, yaani nje, ndani ya Uingereza. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya ndege ya Nairobi inaishia London, na umati ule wote unaelekea kwenye manjano. Ukiufuata umati utajikuta kwenye foleni ya pasipoti, na kurudi nyuma kunakula muda. Kwa hiyo msahau yule jirani yako wa kitini mliyezoeana usiku kucha. Yeye anakwenda kwake, wewe fuata zambarau mpaka uone namba ya teminali yako, na usitafute geti mapema. Namba ya geti mara nyingi haijatolewa wakati huo. Utaiona kwenye skrini ukishapita ukaguzi wa Teminali 3.

Haya yote yanamhusu mwenye tiketi moja. Aliyejinunulia tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha ana safari nyingine kabisa, na dalili yake inaonekana nyumbani, kwenye kaunta. Tazama lebo wanayofunga kwenye sanduku. Ikiwa na herufi za mwisho wa safari, tuseme DFW kwa Dallas, sanduku litahama lenyewe. Ikiwa na LHR, sanduku linaishia London, na wewe lazima utoke ulifuate. Kutoka maana yake ni uhamiaji, na viza inayokuruhusu kuingia nchini. Hata kubaki ndani, mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda huhitaji viza ya kupita uwanjani, isipokuwa akiwa na kitu cha kumsamehe, kama vile viza halali ya Marekani au Kanada. Ukishatoka, treni za kati ya teminali ni za bure nazo, lakini utaanza upya na kaunta na ukaguzi. Kwa tiketi mbili nisingekubali chini ya saa tano. Ukikosa ndege ya pili, shirika lake halikudai wala wewe hulidai. Tiketi imekufa.

Kwa tiketi moja, dakika 90 zikishindikana shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine. Ndiyo maana wanathubutu kuziuza. Kijana mwenye begi moja anaweza kucheza bahati hiyo, na akikosa atapelekwa na ndege ya baadaye.

Ninayemfikiria zaidi ni mama anayekwenda kumwona mjukuu. Tumekuwa na mazoea ya kumwombea kiti cha magurudumu ili asipotee, na ni jambo zuri, liombwe angalau saa 48 kabla. Lakini wanaohudumiwa hivyo kwa kawaida hushuka wa mwisho kwenye ndege, husubiri msaidizi, kisha gari lao, na njia yao si ile ya basi tuliyoihesabu. Hatapotea, ila atachelewa. Wakala akikuonyesha dakika 90 kwa mama, mwambie akutafutie ndege ya saa tatu baadaye, na kama ipo inayoondokea Teminali 5 hiyo hiyo, chukua hiyo hata ikizidi bei kidogo.